Faili linadai ni PDF/A, kikaguzi kinalikataa: kutoka dalili hadi chanzo

Unalifungua faili kwenye Adobe Reader na juu kabisa unaona ukanda wa buluu unaoeleza kwamba faili linadai kufuata kiwango cha PDF/A, yaani PDF ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu, hivyo limefunguliwa kwa kusomwa tu. Unalituma kwa mkaguzi, au unalipakia kwenye mfumo wa kutunza nyaraka, na linarudi na ujumbe kwamba halijakidhi kiwango. Wakati wa kuhifadhi uliweka tiki kwenye kisanduku cha PDF/A, na ukanda wa buluu unauona kwa macho yako. Hapo ndipo watu wengi wa masijala wanaanza kujaribu programu moja baada ya nyingine bila kujua wanatibu nini.

Ukanda ule haukagui chochote. Reader inasoma mistari miwili tu iliyoandikwa ndani ya faili, kwenye sehemu ya metadata:

```
<pdfaid:part>2</pdfaid:part>
<pdfaid:conformance>B</pdfaid:conformance>
```

Mistari hii ni tamko. Faili linasema "mimi ni PDF/A-2b", na Reader inakupa taarifa kwamba limesema hivyo. Programu yoyote inaweza kuiandika, na mara nyingi inabaki palepale hata baada ya faili kuharibiwa na kazi iliyofuata. Kinachotuhusu masijala ni kama yaliyomo yanalingana na tamko, na hilo linahitaji kikaguzi halisi.

## Kikaguzi, na namna ya kukiuliza

Ninachotumia ni veraPDF. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, inahitaji Java, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Ina dirisha la kubofya kwa asiyependa amri, lakini kwa amri unapata jibu fupi zaidi:

```
verapdf -f 2b --format text -v kamili.pdf
```

Sehemu ya `-f 2b` usiiache. Usipotaja toleo, veraPDF inafuata tamko la faili lenyewe, na kama faili halina tamko, inalipima kwa 1b. Faili zuri la 2b likipimwa kwa 1b litaonekana bovu, kwa sababu PDF/A-1 ya mwaka 2005 inakataza vitu kadhaa ambavyo PDF/A-2 ya mwaka 2011 inaviruhusu, ikiwemo picha zenye sehemu angavu. Nimeona mafaili yakirudishwa kwa kosa hili tu: mtumaji alihifadhi kwa 2b, mpokeaji akapima kwa 1b, na kila mmoja akaamini mwenzake amekosea. Kabla ya kurekebisha chochote, muulize mpokeaji anataka toleo gani. Akiwa hana jibu, mimi nachagua 2b. PDF/A-3 inaruhusu kubeba ndani yake faili la aina yoyote, kwa mfano la Excel, na masijala ikilipokea inakuwa imepokea pia kitu ambacho kiwango hakikihakikishi.

Jibu litakuwa `PASS` au `FAIL`, na chini ya `FAIL` utaona namba za kanuni zilizovunjwa. Hesabu kanuni, usihesabu matukio. Fonti moja iliyokosekana kwenye kurasa ishirini inaweza kuzalisha mamia ya matukio, na yote yataondoka kwa tiba moja.

## Kesi: taarifa ya mkutano mkuu yenye kurasa 46

Tuchukue kesi ya SACCOS moja yenye ofisi Kariakoo. Taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka ina sehemu tatu. Jalada la kurasa 2 limetoka kwa mchapaji. Muhtasari wa mkutano, kurasa 18, umeandikwa kwa LibreOffice na kuhifadhiwa kama PDF/A-2b. Taarifa za fedha, kurasa 26, zimetolewa moja kwa moja kwenye mfumo wa uhasibu. Katibu ameziunganisha zote kuwa faili moja, ukanda wa buluu ukaonekana, akatuma. Faili limerudi.

Ukanda ulionekana kwa sababu programu ya kuunganisha ilichukua metadata ya muhtasari na kuifanya ya faili zima. Tamko la kurasa 18 limefunika kurasa 46.

veraPDF ilitaja kanuni mbili, 6.2.11.4.1 na 6.2.4.3. Ya kwanza inahusu fonti, ya pili rangi. Ripoti kamili, ile unayoipata bila `--format text`, inaonyesha pia mahali kosa lilipo kwa maandishi kama `pages[20]`. Hapa kuna jambo la kukumbuka: inahesabu kurasa kuanzia sifuri. `pages[20]` ni ukurasa wa 21, na katika faili letu ukurasa wa 21 ndio mwanzo wa taarifa za fedha. Makosa ya rangi yote yalikuwa `pages[0]` na `pages[1]`, yaani jalada. Muhtasari wenyewe hauna kosa hata moja. Kwa hiyo tayari tunajua nani wa kumfuata kwa lipi, na hatuna sababu ya kuugusa muhtasari.

### "Mbona kwangu linasomeka vizuri?" Fonti hazimo ndani

Kanuni ya 6.2.11.4.1 inataka kila fonti inayotumika kuonyesha maandishi iwe imebebwa ndani ya faili. Isipobebwa, kompyuta inayofungua faili inatafuta fonti yenye jina hilo au inayofanana nayo. Leo ipo, maandishi yanaonekana. Kwenye mashine nyingine, au miaka mingi baadaye, itawekwa mbadala yenye upana tofauti, na kwenye jedwali la fedha tarakimu zinaweza kusogea kutoka safu yake au kupandana. Ndiyo maana kipimo cha "kwangu linasomeka" hakitoshi.

Kuthibitisha tumia `pdffonts`, inayokuja na kifurushi cha Poppler:

```
pdffonts fedha.pdf
name            type    encoding  emb sub uni object ID
--------------- ------- --------- --- --- --- ---------
Helvetica       Type 1  WinAnsi   no  no  no      7  0
Helvetica-Bold  Type 1  WinAnsi   no  no  no      8  0
```

Angalia safu ya `emb`. Neno `no` maana yake fonti haimo. Na si ajabu kuikuta Helvetica hapo. Helvetica, Times na Courier ni miongoni mwa fonti 14 ambazo zamani kila kisomaji cha PDF kilitarajiwa kuwa nazo, kwa hiyo mifumo ya uhasibu, ya stakabadhi na ya mishahara inazitaja kwa jina tu bila kuzibeba. Kwa PDF ya kawaida inakubalika. Kwa PDF/A haikubaliki.

Tiba bora iko kwenye chanzo. Nenda kwa mhasibu.

"Dada, mfumo wenu unaweza kutoa ripoti hii kwa Excel?"

"Unatoa, kaka, ila mpangilio unaharibika kidogo."

Mpangilio kuharibika kidogo kunavumilika kama tarakimu ni zilezile. Fungua faili la Excel kwenye LibreOffice Calc, panga safu, kisha nenda `File`, `Export As`, `Export as PDF`, na kwenye ukurasa wa `General` weka tiki kwenye kisanduku chenye neno `PDF/A` na uchague PDF/A-2b. Kabla ya kubonyeza `Export`, pita kila safu. Safu ikiwa nyembamba kuliko tarakimu, Calc inaonyesha alama `###` badala ya kiasi, na alama hizo zitaingia kwenye PDF zikiwa na fonti iliyobebwa vizuri kabisa. veraPDF itasema `PASS`. Jumla ya mizania itakuwa imepotea.

Kama mfumo hautoi kitu kingine zaidi ya PDF, ndipo programu ya Ghostscript, inayoandika PDF upya kwa amri, inapokuja. Inaweka fonti ya aina moja na Helvetica, yenye upana uleule wa herufi, na kuibeba ndani:

```
gs -dPDFA=2 -dBATCH -dNOPAUSE -sDEVICE=pdfwrite \
   -sColorConversionStrategy=RGB \
   -dPDFACompatibilityPolicy=2 \
   --permit-file-read=srgb.icc \
   -sOutputFile=fedha-a.pdf PDFA_def.ps fedha.pdf
```

Kwenye Windows amri inaanza na `gswin64c`, nayo uiandike kwenye mstari mmoja bila ile mikwaju ya mwisho wa mistari. Faili la `PDFA_def.ps` linakuja na Ghostscript. Linakili kwenye folda unayofanyia kazi, pamoja na `srgb.icc`, kisha lifungue kwa kihariri cha maandishi. Hakikisha mstari wa `/ICCProfile` unataja `srgb.icc`, na ubadilishe mstari wa `/Title`. Usipoubadilisha, hati yako itaingia kwenye hifadhi ikiwa na jina la `Title`, na baada ya mwaka utakuwa na mamia ya hati zenye jina hilohilo.

Mahali penye mtego ni `PDFACompatibilityPolicy`. Isipotajwa, thamani yake ni 0, na maana yake ni kwamba Ghostscript ikikutana na kitu isichoweza kukilinganisha na kiwango, inatoa onyo kwenye dirisha na kuendelea kutengeneza PDF ya kawaida. Faili linatoka, lina jina uliloliomba, na onyo limeshapita juu ya skrini. Thamani 1 inaondoa kitu kinachokwaza ili faili likidhi kiwango, na kitu hicho kinaweza kuwa ndicho ulichohitaji kukitunza. Thamani 2 inasimamisha kazi na kutoa kosa. Kwa nyaraka za kutunzwa natumia 2 siku zote, kwa sababu nataka kujua kabla kitu hakijaondolewa.

Kazi ikiisha, rudia `pdffonts` kwenye `fedha-a.pdf`. Safu ya `emb` iwe `yes` kila mstari.

### Rangi za jalada

Kanuni ya 6.2.4.3 inasema rangi lazima ziwe na maelezo ya kutosha ili zionekane vilevile mahali popote. Faili linabeba profaili moja ya rangi ya kutoa, kwa kawaida sRGB, na rangi zilizoandikwa kwa RGB tupu zinaitegemea hiyo. Mchapaji yeye hufanya kazi kwa CMYK, rangi nne za wino, kwa kuwa jalada lake linakwenda mashineni. CMYK tupu ndani ya faili lenye profaili ya sRGB haina wa kuitegemea, na hapo kanuni inavunjika.

Kwa picha, `pdfimages -list jalada.pdf` inaonyesha `cmyk` kwenye safu ya `color`. Haitaonyesha nembo iliyochorwa kwa mistari, hivyo usipoona `cmyk` usihitimishe kwamba rangi ni salama. Ripoti ya veraPDF ndiyo ya kuaminika.

Mwombe mchapaji akutolee nakala ya pili ya RGB iliyo PDF/A-2b, tofauti na ile ya kuchapia. Kwake ni kazi ya dakika chache, na yeye ndiye anayeijua rangi halisi ya nembo. Ukiigeuza mwenyewe kwa amri ya Ghostscript hapo juu itakubalika pia, ila linganisha nembo kabla na baada, maana kijani na buluu za CMYK mara nyingine zinatoka zimefifia au zimekolea kuliko ulivyozoea.

### Kuunganisha upya

Sasa sehemu zote tatu zimepimwa peke yake na kila moja imepata `PASS`. Unganisha kwa programu ya qpdf, ukitanguliza muhtasari ili metadata na profaili ya rangi vitoke kwake:

```
qpdf muhtasari.pdf --pages jalada-a.pdf muhtasari.pdf \
     fedha-a.pdf -- kamili.pdf
```

Kisha pima `kamili.pdf` tena. Kipimo cha sehemu hakiwi kipimo cha zima.

Kuna anayeuliza kwa nini tusiyapitishe yale mafaili yaliyokwisha kuunganishwa kwenye Ghostscript mara moja na kumaliza. Inawezekana, na mara nyingi `PASS` itatoka. Lakini Ghostscript inaliandika faili upya lote, pamoja na zile kurasa 18 ambazo hazikuwa na kosa. Naona ni bora sehemu nzima ibaki ilivyotoka kwa mwandishi wake, na iguswe ile yenye kasoro tu.

## Hakuna ukanda wa buluu kabisa

Hapa chanzo karibu kila mara ni namna ya kuhifadhi. Aliyepitia `Print` na kuchagua `Microsoft Print to PDF` hatapata PDF/A hata arudie vipi. Kwenye Word pita `File`, `Save As`, chagua aina ya PDF, bonyeza `Options`, na weka tiki kwenye mstari unaotaja `PDF/A`. Mstari huo uko chini ya dirisha na hauna tiki wenyewe.

Kwa karatasi zilizoskaniwa kwenye stesheneri, faili linalorudi kwenye flashi kwa kawaida ni PDF ya picha tupu. Programu ya OCRmyPDF inaligeuza na kuongeza maandishi yanayotafutika, na inakisoma Kiswahili:

```
ocrmypdf -l swa+eng --output-type pdfa-2 skani.pdf skani-a.pdf
```

Data ya `swa` ya Tesseract, programu ambayo OCRmyPDF inaitumia kusoma maandishi, inasakinishwa peke yake. Isipokuwepo, amri itakataa na kukuambia.

## Kanuni ya 6.1.3: faili limefungwa

Kwa toleo la 2b, namba hii mara nyingi inamaanisha faili limesimbwa kwa nenosiri, na PDF/A haikubali usimbaji wowote. Taarifa za benki zinazokuja kwa baruapepe ni mfano wa kila siku. Lakini kuna mafaili yanayofunguka bila kuuliza nenosiri na bado yamesimbwa, kwa sababu mtengenezaji ameweka zuio la kuchapa au kunakili tu. `qpdf --show-encryption faili.pdf` itakuonyesha. Ukiwa na haki ya kuifungua hati hiyo, `qpdf --decrypt faili.pdf wazi.pdf` inatoa nakala isiyosimbwa, ukiongeza `--password=` kama linahitajika. Nakala hiyo bado si PDF/A. Imeondolewa kufuli tu, na safari ya fonti na rangi inaanzia hapo.

## Jana lilipita, leo halipiti

Muulize aliyelishika katikati. Mtu ameongeza maoni, amebandika picha ya mhuri, ameingiza ukurasa wa kiambatisho, au amejaza fomu, kisha akahifadhi. Kila kimoja kinaweza kuleta fonti isiyobebwa au rangi isiyo na maelezo, na tamko la zamani linabaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Reader inafungua PDF/A kwa kusoma tu ili kuzuia jambo hili, na kitufe cha kuruhusu uhariri kiko palepale kwenye ukanda, hivyo wengi wanakibonyeza.

Saini ya kidijitali inahitaji mpangilio wake. Ukiligeuza faili kuwa PDF/A baada ya kutiwa saini, saini inavunjika, kwani inathibitisha faili lilivyokuwa wakati wa kusainiwa. Geuza kwanza, pima, tia saini, kisha pima tena, maana kile kiboksi cha saini kinachoonekana ukurasani nacho kina maandishi, na maandishi yana fonti. Ukipokea hati iliyokwisha kusainiwa na haikidhi kiwango, usiiguse. Itunze ilivyo, na umwombe aliyesaini atoe nyingine.

## Kikaguzi kimesema PASS lakini hati ina kasoro

veraPDF inapima muundo wa faili. Haisomi maana. Ukurasa ulioskaniwa ukiwa umepinda, ukurasa wa 7 uliorukwa, `###` kwenye mizania, vyote vinapata `PASS`.

Herufi zinaweza pia kuonekana sawa na zisitafutike. Kiwango cha b kinadai mwonekano tu; kiwango cha u, kama 2u, kinadai kila herufi iwe na utambulisho wake wa Yunikodi. Jaribio la haraka ni kutafuta ndani ya PDF neno unaloliona kwa macho, lenye ng' ikiwezekana, kama "ng'ombe" au "kung'oa", kwa kuwa alama ile ya juu ndiyo hupotea kwanza. Lisipopatikana, nakili sentensi na uibandike kwenye kihariri cha maandishi. Ukiona vijisanduku au herufi zisizoeleweka, faili litasomeka kwa macho lakini halitapatikana kwa kutafuta, na kama masijala yenu inategemea utafutaji, dai 2u na upime kwa `-f 2u`.

Kwa tarakimu zilizoskaniwa kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi ya mashine za kuskani na kunakili, katika kubana picha ili faili liwe dogo, zilikuwa zinaona vipande viwili vya picha vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa vyote. Tarakimu 6 ikachapwa 8, ikiwa safi, bila ukungu wowote wa kumshtua msomaji. Njia hiyo ya kubana inaitwa JBIG2, na PDF/A inairuhusu. `pdfimages -list` inaitaja kama `jbig2` kwenye safu ya `enc`. Kuiona hapo si ushahidi wa kosa, kwa kuwa inaweza kutumika pia bila kupoteza chochote, lakini kwa hati ya fedha inatosha kumfanya mtu achukue karatasi ya asili na kulinganisha jumla zote, mstari kwa mstari, kabla karatasi haijaondoka masijala. Kwenye mashine yenyewe, punguza ubanaji hadi kiwango cha ubora wa juu, skani kwa dpi 300, na ukubali faili kubwa.